Choa Halijaisha Muwasho Unapoisha

Alipoingia famasi mara ya tatu, hakuanza na maelezo. Alinisalimia, akakunja mkono wa shati, akaulaza mkono wa kulia juu ya kaunta, kisha akasema, "Dokta, limerudi tena, na safari hii limekuja kubwa." Kwenye kigasha chake palikuwa na duara lenye upana wa sentimita 6. Katikati ngozi ilikuwa karibu ya kawaida, imefifia kidogo tu. Pembeni ndipo penye shughuli: ukingo mwembamba ulioinuka, wenye magamba madogo meupe na vijipele, ulizunguka duara zima kama uzi ulioshonwa juu ya ngozi. Lilikuwa choa, na hata mtu ambaye hakusomea dawa angelitambua.

Mimi si daktari. Ni mfamasia, ingawa wateja wetu humwita dokta kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa. Huyu ni kijana wa bodaboda, na mara mbili zilizotangulia alikuwa amenunua kwangu dawa iliyo sahihi kabisa: krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, tyubu ya gramu 20. Nilimwomba anieleze alivyoitumia. Alisema alipaka asubuhi na jioni, nene, pale palipokuwa panawasha. Siku ya nne muwasho ukaisha. Siku ya sita akaona amepona, akaiweka tyubu juu ya kabati. Haikupita hata wiki tatu, duara likarudi. Alikuwa na tyubu ya pili mfukoni, akanionyesha. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

Nililazimika kukiri kwamba kosa lilianzia kwangu. Kwenye bahasha ya dawa nilimwandikia maneno manne: paka kutwa mara mbili. Sikumwambia apake kiasi gani, apake mpaka wapi, wala aendelee kwa siku ngapi baada ya ngozi kutulia. Maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua kama choa litapona au litarudi, na kwa uzoefu wangu wa kaunta, wagonjwa wengi huondoka bila kuambiwa hata moja.

Pindo na mji

Choa huletwa na fangasi wanaokula keratini, ile protini ngumu inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu kabisa la ngozi. Tabaka hilo ni la seli zilizokwisha kufa, zimepangana kama makuti juu ya paa. Fangasi wanaishi humo humo kwenye makuti, hawashuki kwenye nyama wala kwenye damu. Wakishatua mahali, kutoka kwa mtu mwingine, taulo, paka au ndama, huanza kula kuelekea pande zote. Mwili nao huwapiga vita pale walipoanzia, na chakula cha hapo hupungua, kwa hiyo katikati hutulia huku wao wakizidi kusogea nje. Moto wa nyikani huenda hivyo hivyo: katikati ni majivu, pembeni ndiko kunakowaka.

Kwa sababu hiyo, mteja akiniuliza apake wapi, humkumbusha kanga. Kanga ina mji, na ina pindo linaloizunguka. Kwenye choa, mji umenyamaza, lakini pindo lina uhai. Anayepaka katikati ya duara anapaka mahali ambapo vita vimekwisha.

Lipo jambo jingine ambalo jicho halilioni. Ule ukingo ulioinuka ni alama ya mwili kupambana, na mwili huchelewa. Fangasi wenyewe huwa wameshatangulia mbele ya ukingo, kwenye ngozi inayoonekana safi, isiyowasha, isiyo na gamba hata moja. Ukiishia pale ukingo unapoishia, wale waliotangulia hubaki wazima. Baada ya wiki mbili au tatu wao ndio wanaochora duara jipya, kubwa kuliko la kwanza. Ndiyo maana kijana wangu alirudi na duara la sentimita 6, wakati la awali, kwa alivyokumbuka, lilikuwa kama la 4.

Kanuni inayofuatwa ni kupaka duara lote, kisha kuvuka ukingo kwa angalau sentimita 2 kila upande. Huhitaji rula. Upana wa kidole gumba cha mtu mzima unakaribia hizo sentimita 2. Weka gumba nje ya ukingo, zungusha, hapo ndipo mpaka wako. Kwa kijana huyu nilichukua kalamu ya wino na kumchorea mstari upana wa gumba moja kuzunguka duara, ili ajionee mwenyewe. Duara la sentimita 6 likawa eneo la sentimita 10. Alishangaa. Ukipiga hesabu ya eneo, sehemu iliyopaswa kupakwa ni karibu mara tatu ya ile aliyokuwa akiipaka. Kwa duara dogo la sentimita 4 tofauti ni kubwa zaidi: ukiongeza sentimita 2 kila upande, eneo linakuwa mara nne.

Mimi huwashauri watu waanzie nje waje ndani, kutoka kwenye ngozi safi kuelekea katikati, ili kidole kisibebe magamba ya ukingo na kuyapeleka kwenye ngozi nzima. Kisha wanawe mikono kwa sabuni. Kabla ya kupaka, ngozi ioshwe na ikaushwe kabisa, kwa taulo ambalo mtu mwingine hatalitumia. Kwenye kinena, kwapa au chini ya matiti, ambako jasho halikauki upesi, subiri dakika kadhaa ngozi ipate hewa. Krimu iliyopakwa juu ya maji inateleza tu.

Kidole kama mizani

Sasa kiasi. Kijana alikuwa akipaka nene, kama anayepaka siagi kwenye mkate, kwa imani kwamba dawa ikiwa nyingi ndipo inapofanya kazi. Haiko hivyo. Ngozi hunywa safu nyembamba iliyoigusa. Iliyobaki juu huishia kwenye mkono wa shati. Lakini wapo pia wanaobania tyubu kwa sababu ya bei, wakagusisha kitone kimoja na kukivuta mpaka kinakwisha kabla ya kufika pembeni. Wote wawili wanahitaji kipimo.

Kipimo kipo, na kila mtu anatembea nacho. Mwaka 1991 madaktari wawili wa Kadifu, kule Welisi, Long na Finlay, walichapisha njia ya kupima dawa za ngozi kwa kidole. Unanyoosha kidole cha shahada, unaminya krimu iwe mstari kuanzia kwenye mkunjo wa kwanza mpaka ncha ya kidole, yaani urefu wa ile pingili ya juu. Kwa mtu mzima, na kwa tyubu yenye mdomo wa kawaida wa milimita 5, mstari huo ni karibu nusu gramu. Nusu gramu hiyo inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake vikiwa vimebanwa. Hapa sisemi viganja vya kupaka, nasema eneo la ngozi lenye ukubwa huo.

Nilimwambia kijana aweke kiganja chake cha kushoto juu ya eneo nililomchorea. Mstari wa kalamu ulichukua karibu nusu ya kiganja na vidole vyake. Basi hesabu ni rahisi: mstari mzima wa pingili unapaka viganja viwili, yeye ana nusu kiganja, kwa hiyo anahitaji robo ya mstari. Hicho ni kipande kifupi cha krimu, chini ya sentimita 1. Anakigawa kuwa vitone vinne au vitano kuzunguka eneo, kisha anavisambaza na kusugua taratibu mpaka weupe upotee. Weupe ukibaki juu ya ngozi, umezidisha. Kidole kikianza kukwama kabla ya kufika kwenye mstari wa kalamu, umepunguza.

Robo ya nusu gramu ni kama gramu 0.125. Mara mbili kwa siku ni robo gramu. Kwa mwezi mzima ni gramu 7 na nusu. Tyubu yake ya gramu 20 ilikuwa na zaidi ya nusu, yaani zaidi ya gramu 10. Sikumuuzia dawa nyingine. Ile aliyokuwa nayo mfukoni ilitosha kumponya.

Hesabu hii inafanya kazi upande wa pili pia, na hapo ndipo inapookoa pesa na muda. Mtu mwenye choa mgongoni lenye ukubwa wa kiganja kizima, akishaongeza ule upana wa gumba pande zote, eneo lake linakaribia viganja viwili. Huyo anahitaji karibu mstari mzima wa pingili kila anapopaka, kama gramu 1 kwa siku. Tyubu moja ya gramu 20 itamfikisha siku ya 20 tu, naye anahitaji wiki nne au zaidi. Akinunua tyubu moja, dawa itamwishia katikati ya safari, wakati muwasho umeshatulia, na uwezekano wa kurudi kununua ya pili ni mdogo sana. Huyo nampa mbili siku ile ile, au namwambia wazi kwamba moja haitoshi.

Lini pamepona?

Hili ndilo swali gumu, na kwenye ngozi yetu nyeusi lina mtego wake. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa vikitazama ngozi nyeupe, vinasema wekundu ukitoweka umepona. Kwetu wekundu hauonekani vizuri. Choa kwenye ngozi nyeusi huwa la kahawia, la kijivu, pengine la zambarau iliyofifia. Na likipona huacha alama nyeusi kuliko ngozi ya jirani, ambayo inaweza kukaa miezi kadhaa. Alama hiyo si fangasi. Ni rangi iliyomwagika wakati wa mapambano, na krimu ya fangasi haiiondoi. Nimeona watu wakipaka klotrimazoli miezi mitatu juu ya alama iliyokwisha kupona, na nimeona wengine waliokata tamaa wakageukia krimu za kung'arisha ngozi, wakaleta balaa jingine.

Kwa hiyo usipime kwa rangi, pima kwa kidole. Fumba macho, pitisha ncha ya kidole taratibu kutoka kwenye ngozi safi kuingia katikati ya duara. Kama ukingo bado upo, utauhisi: kuna ngazi ndogo, kuna ukwaruzo kama wa msasa mwembamba. Kisha fumbua macho, vuta ngozi kidogo kwa vidole viwili, umulike kwa tochi ya simu kutokea ubavuni badala ya juu. Magamba yataonekana kama unga. Siku ambayo kidole kinapita bila kukwama popote, hakuna unga, hakuna muwasho, hiyo ndiyo siku ya kupona kwa macho. Iandike kwenye boksi la dawa.

Na kutokea siku hiyo ndipo unapohesabu siku 14 nyingine za kupaka, kwa upana ule ule, kutwa mara mbili.

Watu huniuliza kwa nini wapake dawa mahali pasipo ugonjwa. Jibu liko kwenye namna klotrimazoli inavyofanya kazi. Kwa kiasi tunachopaka, dawa hii kwa sehemu kubwa inawazuia fangasi wasikue kuliko inavyowaua. Inavuruga ujenzi wa utando unaofunika seli zao, nao wanabaki hapo wamedumaa, pamoja na mbegu zao zilizojificha katikati ya makuti ya ngozi. Kinachowaondoa kabisa ni ngozi yenyewe kujivua. Lile tabaka la juu lililokufa huchukua karibu wiki mbili kupukutika lote na nafasi yake kuchukuliwa na jipya. Dawa inasimama mlangoni ili fangasi wasihamie kwenye tabaka jipya, huku tabaka la zamani likiondoka nao. Ukiiondoa dawa siku ya sita, kama alivyofanya kijana, nyumba bado ina wapangaji wake.

Muwasho kuisha siku ya nne ni habari njema, lakini maana yake ni kwamba mwili umepunguza mapambano kwa sababu fangasi wamesimama. Hauelezi kwamba wameondoka.

Dawa zote hazifanani kwenye hili. Mikonazoli ya asilimia 2 ni ndugu ya klotrimazoli na inafuata mwendo ule ule wa kupaka mara mbili kwa siku, na kuendelea kama wiki moja na nusu hivi baada ya ngozi kutulia. Terbinafini ya asilimia 1 ni ya ukoo mwingine. Yenyewe inawaua fangasi wa choa, na inanata kwenye lile tabaka la juu hata baada ya kuacha kupaka. Kwa hiyo kwa choa la mwilini hupakwa mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili tu. Bei yake huwa juu zaidi, lakini kwa mtu ambaye unajua hatavumilia mwezi mzima, ukipiga hesabu ya tyubu na ya kurudi dukani, wakati mwingine ndiyo yenye nafuu.

Ile dawa ya zamani ya mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, bado inauzwa na bado inafaa, hasa kwa choa la miguu na mikono. Inaichubua ngozi ya juu ili iondoke na fangasi wake. Inahitaji wiki nne au zaidi, nayo huchoma, kwa hiyo isipakwe usoni, kinenani wala kwenye kidonda.

"Nipe ile kali"

Kabla hatujafika huku kote, kijana alikuwa ameniomba kitu kingine. "Dokta, hii ya fangasi imeshindwa. Nipe ile kali, ya mchanganyiko." Aliisikia kwa wenzake kijiweni. Najua anachokitaja, na kila mwenye duka la dawa Afrika Mashariki anakijua: krimu zenye dawa tatu ndani ya tyubu moja, klotrimazoli ya fangasi, gentamaisini ya bakteria, na betamethasoni. Huyo wa tatu ndiye mwenye matatizo. Betamethasoni ni steroidi. Kazi yake ni kuzima mapambano ya mwili kwenye ngozi, na kwa pumu ya ngozi ni dawa nzuri ikisimamiwa. Kwenye choa inazima kengele huku mwizi akiwa ndani.

Mgonjwa hupata nafuu ya ajabu, muwasho unaisha siku ya pili. Ukingo unasinyaa. Anaitangaza dawa hiyo kwa majirani. Lakini fangasi sasa hawana anayewapinga, wanasambaa kimyakimya. Baada ya wiki chache duara halina tena sura ya duara, limekuwa baka kubwa lenye mipaka iliyofifia, na hata daktari anaweza kulikosea. Akiacha kupaka, muwasho unarudi kwa hasira, anapaka tena. Kinenani na mapajani ngozi inakuwa nyembamba na kupasuka michirizi, na michirizi ile haifutiki. Kule India, madaktari wa ngozi wamekuwa wakizilaumu krimu hizi za mchanganyiko kwa kusaidia kusambaza choa sugu, na huko ndiko alikoenea sana fangasi wa choa ambaye mara nyingi hasikii terbinafini. Dawa nyingi tunazouza sisi zinatengenezwa huko huko, na mazoea ya kuuza nayo yanafanana.

Soma boksi. Ukiona betamethasoni, klobetasoli, haidrokotisoni, au neno lolote linaloishia na sauti hizo, hiyo si dawa ya kujinunulia kwa ajili ya choa, hata kama jina la kwanza lililoandikwa juu yake ni la dawa ya fangasi. Kama umeshaanza kuitumia kwa wiki kadhaa, mwone mtaalamu kabla ya kuendelea. Namna ya kuiacha inategemea muda uliopaka na mahali ulipopaka.

Mtoto mwenye mapunye

Kijana alikuwa amekwisha kuelewa, anakunjua mkono wa shati, nikamuuliza kama nyumbani yupo mwingine mwenye kitu kama hiki. "Hakuna, dokta. Mtoto tu, lakini yake ni mapunye, yako kichwani. Nimekuwa nikimpaka hii hii."

Majina mawili, ugonjwa mmoja. Mapunye na choa huletwa na ukoo ule ule wa fangasi. Mtoto wa miaka sita anayelala kifuani kwa baba yake, kichwa juu ya kigasha, alikuwa akimrudishia kila alichokiondoa. Na krimu aliyompaka haikuwa na uwezo wa kumponya, kwa sababu kichwani fangasi huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka nao mpaka kwenye shina, chini ya ngozi, ambako krimu haifiki. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza. Mara nyingi ni griseofulvini, inayopimwa kwa uzito wa mtoto, kwa wiki sita hadi nane, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kwa sababu bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri. Hiyo siiuzi bila cheti cha daktari. Nilimwelekeza ampeleke mtoto kituo cha afya kesho yake, na mpaka apone, taulo, kofia, kitana na mto vya mtoto visitumiwe na mtu mwingine. Mashine ya kunyolea nayo isafishwe kwa spiriti kabla ya kugusa kichwa kingine.

Alifuata maelekezo kwa uaminifu ambao sikuutarajia. Siku ya tisa alinipigia simu akiwa na wasiwasi kwamba pamekuwa peusi zaidi, nikamwambia afumbe macho apitishe kidole. Ukingo bado ulikuwapo, lakini umelainika. Siku ya 16 kidole kikapita bila kukwama. Aliandika tarehe kwenye boksi, akaendelea kupaka mpaka siku ya 30, kwa upana ule ule wa mstari wa kalamu, ambao alikuwa akiuchora upya kila ulipofutika. Mtoto alikuwa bado anameza vidonge. Miezi miwili baadaye nilipouona mkono ule, palikuwa na kivuli cheusi kilichofifia na ngozi laini.

Siyo kila duara litakwenda hivi. Kama umepaka klotrimazoli kwa usahihi wiki mbili na ukingo haujasinyaa hata kidogo, au limeongezeka, acha kununua tyubu nyingine. Pengine si fangasi. Pumu ya ngozi inaweza kujitokeza kama duara. Kipimo ni rahisi: mhudumu hukwangua magamba ya ukingo, huyaweka kwenye matone ya dawa na kuyatazama kwa hadubini. Waganga wa ngozi wanaosomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo cha kanda kilichopo KCMC tangu 1992, hufundishwa kazi hii. Ukimwona mtaalamu, usiwe umepaka kitu chochote siku chache kabla, maana krimu huweza kuwaficha fangasi wasionekane. Choa lililo kwenye kucha au kwenye ndevu, au mabaka mengi yaliyotapakaa mwilini, nayo huhitaji dawa ya kumeza. Mwenye kisukari au mwenye virusi vya UKIMWI asisubiri wiki mbili, aanzie kwa daktari.

Na lipo duara moja ambalo nakusihi ulipime kabla ya kupaka chochote. Chukua ncha ya pamba, gusa katikati ya baka ukiwa umefumba macho, kisha gusa ngozi ya pembeni. Choa linawasha na linahisi. Kama katikati ya baka huhisi pamba, hapawashi, nywele zimepungua na jasho halitoki, usilipake krimu hata siku moja. Nenda kituo cha afya ukapimwe ukoma. Ukoma unatibika, na dawa zake hutolewa bure.